Umeoa, umezaa: je, kontra yako ya asiransi inajua?



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe na namna ya kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Leo tunasema juu ya karatasi. Karatasi haimkingi mtu na jiwe linaloanguka, lakini jiwe likishaanguka, karatasi ndiyo inayosema ni nani atakayeitwa kwenye biro ya asiransi na ni nani atakayebaki mlangoni. Ni kontra ya asiransi ya maisha, na hasa ule mstari mmoja unaoonyesha kompani imlipe nani siku mwenye kontra akifa. Katika Kifaransa cha biro mtu huyo anaitwa benefisyere. Sisi hapa tutamwita mpokeaji.

Wengi wetu tuliujaza mstari huo tukiwa vijana. Ajenti wa asiransi alikaa mbele yetu na kalamu, akauliza: «Tuandike nani?» Kijana asiye na bibi wala mtoto anajibu «baba yangu» au «kaka yangu mkubwa», na hajibu vibaya. Kisha miaka inapita. Anaoa, mtoto anazaliwa, watu wanakula na kunywa, na kontra iko palepale kwenye sanduku, chini ya mashati, ikisema maneno yaleyale ya siku ile.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanafikiri ndoa iliyoandikwa kwenye komine inabadili kila kitu, na kontra pia. Haiibadili. Ikiwa mstari unataja jina la baba, pesa ni za baba, hata kama marehemu ameacha mjane na watoto sita. Kompani ya asiransi haiulizi nani analia zaidi. Inasoma jina, inatafuta mwenye jina, inamlipa.

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Fundi mmoja wa mashine anafanya kazi kwenye shantie ya dhahabu upande wa Banalia, kaskazini ya Kisangani. Nyumba yake iko katika komine ya Mangobo. Baba yake mzee anakaa ng’ambo ya mto, Lubunga. Mwaka 2021 fundi huyo alikuwa kijana bado, akatia mkono kontra ya asiransi ya maisha ya dola 12,000. Kwenye mstari wa mpokeaji aliandika majina ya baba yake, basi. Mwaka 2023 akaoa, kwanza katika familia kwa mahari, kisha mbele ya ofisa wa eta-sivili. Mwanzo wa mwaka 2025 bibi yake akazaa mtoto wa kike.

Ikiwa fundi huyu atakufa kabla hajaandika barua, hesabu ni fupi: baba 12,000, bibi 0, mtoto 0. Labda mzee ana moyo mwema, atamwita mkwe wake na kumpa chakula na karo ya mtoto. Labda pia kando ya mzee wako wajomba na kaka wenye shida zao. Hata ikienda vizuri, bibi atakuwa mtu wa kuomba pesa ambazo bwana wake alilipia kila mwezi akimfikiria yeye.

Wengine watasema: «Lakini sheria ya familia inawalinda watoto!» Ni kweli, inawalinda, ila katika mambo ya urithi. Kodi ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi wa mzazi wao. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: bibi au bwana aliyebaki, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake. Makundi yote matatu yakiwapo, kila moja linapata sehemu moja ya kumi na mbili. Lakini pesa za asiransi ya maisha zenye mpokeaji aliyetajwa haziingii katika urithi. Zinapita kando yake, moja kwa moja mpaka kwa aliyeandikwa. Ndiyo nguvu ya asiransi hii: pesa zinafika upesi, bila kungoja baraza la familia limalize maneno. Na ndiyo hatari yake pia, kama jina ni la zamani.

Tazama sasa jambo jingine ambalo watu hawalifikiri. Tuseme mzee wa Lubunga amekufa kabla ya mwanawe, na fundi hakubadili kitu. Mstari una jina, lakini mwenye jina hayupo. Kama kontra haina mpokeaji wa pili, pesa zinarudi katika urithi, na hapo ndipo robo tatu zinapoanza kazi. Mtoto atapata dola 9,000. Bibi atapata 1,000. Mama mzazi wa fundi, kama yu hai, 1,000. Ndugu zake wote kwa pamoja, 1,000. Mtoto amepona, lakini mama anayemlea ameshika sehemu sawa na ile ya mashemeji zake, na itambidi angoje karatasi za urithi zimalizike. Ikiwa ndivyo fundi alivyotaka, vema. Ikiwa sivyo, aandike.

Kuandika kwenyewe si kazi kubwa. Hakuna daktari wa kukupima, kwa sababu maisha yanayowekewa asiransi ni yaleyale yako. Kwa sababu hiyohiyo, kubadili mpokeaji hakuongezi pesa unayolipa kila mwezi. Mambo hayo mawili yanakuja pale unapotaka kuongeza kiasi cha kontra, na hilo ni ombi jingine, lisichanganywe katika barua hii.

Kabla ya kushika kalamu, toa kontra kwenye sanduku uisome. Angalia namba yake na jina la kompani. Kwa miaka mingi Sonasi ilikuwa peke yake katika asiransi ya nchi yetu, na mtu alisema «asiransi» bila kuuliza ya nani. Sheria Na. 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kompani nyingine, na kompani za watu binafsi zilipata ruhusa ya kufanya kazi mwaka 2019. Basi leo mfanyakazi anaweza kuwa na kontra mbili katika nyumba mbili, na barua iliyopelekwa nyumba moja haijulikani katika nyingine. Angalia pia kama malipo yako hayajakatika. Barua nzuri juu ya kontra iliyokufa kwa kukosa malipo haimletei mtu hata franka.

Kisha tafuta kama yule mpokeaji wa kwanza alipata kutia mkono wake kwamba amekubali. Neno hili ni zito. Mwenye kontra ana haki ya kubadili mpokeaji peke yake, bila kuomba ruhusa, maadamu mpokeaji hajakubali rasmi. Akiisha kukubali kwa namna inayotakiwa na masharti, jina lake linashikamana na kontra, na huwezi kulitoa bila yeye kuridhia kwa maandishi. Fundi wetu alitafuta, akakuta mkono wake mwenyewe tu na wa ajenti. Baba yake hakutia mkono popote. Njia ilikuwa wazi.

Hii ndiyo barua aliyoiandika. Tumeacha nafasi mahali pa majina na namba.

«Kisangani, tarehe 14 Aprili 2025.

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kompani ya asiransi (jina), kwa njia ya ajensi yake ya Kisangani.

Kuhusu: kubadili mpokeaji, kontra ya asiransi ya maisha namba (namba yote).

Bwana Mkurugenzi,

Mimi (majina yangu matatu), niliyezaliwa mahali (mahali) tarehe (tarehe), mwenye kontra iliyotajwa hapo juu, ninafuta kila neno nililoandika zamani juu ya mpokeaji wa pesa siku nitakapokufa. Mahali pake ninaweka haya:

Sehemu 60 kwa mia kwa bibi yangu (majina yake matatu), aliyezaliwa mahali (mahali) tarehe (tarehe), tuliyefunga naye ndoa katika komine ya Mangobo tarehe (tarehe).

Sehemu 30 kwa mia kwa watoto wangu, sawasawa kati yao: mtoto wangu (majina yake), aliyezaliwa Kisangani tarehe (tarehe), na watoto wangu wengine wote watakaozaliwa baada ya barua hii.

Sehemu 10 kwa mia kwa baba yangu mzazi (majina yake matatu), aliyezaliwa mahali (mahali) mwaka (mwaka).

Ikiwa bibi yangu au baba yangu amekufa kabla yangu, au pamoja nami, sehemu yake iende kwa watoto wangu, sawasawa kati yao. Ikiwa sikuacha mtoto, iende kwa yule kati ya wawili hao aliyebaki hai. Ikiwa hakuna aliyebaki, iende kwa warithi wangu wa sheria.

Ninaomba munitumie karatasi ya nyongeza ya kontra inayoonyesha mabadiliko haya. Ninaweka pamoja na barua kopi ya kitambulisho changu, kopi ya cheti cha ndoa na kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

(Majina na sahihi.)»

Barua ni fupi, lakini kila mstari una sababu yake.

Neno la kwanza la maana ni «ninafuta». Wapo wanaoandika tu «ninamwongeza bibi yangu». Kumwongeza juu ya nani, kwa sehemu gani? Karani akisoma hivyo, hajui kama baba amebaki na nusu, au theluthi, au hakubaki. Siku ya kifo kila upande utasoma barua kwa faida yake. Futa kwanza, ndipo upange upya, na sehemu zikijumlishwa zifike mia. Za fundi wetu ni 60 na 30 na 10. Kwa dola 12,000, bibi atapata 7,200, mtoto 3,600, mzee 1,200.

Majina yaandikwe yote matatu, kwa mpango uleule ulio kwenye vyeti. Nchini kwetu mtu anaweza kujulikana mtaani kwa jina la ubatizo, kazini kwa jina la ukoo, na kwa mama mkwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Asiransi haimjui «Mama Fulani». Tarehe ya kuzaliwa inasaidia sana, kwa sababu katika Kisangani watu wawili wenye majina sawa si ajabu.

Sasa, je, uandike «bibi yangu» bila jina, au jina peke yake? Hapa wenye kujua hawakubaliani wote, na kila njia ina shimo lake. Neno «bibi yangu» bila jina humaanisha yule aliye bibi halali siku ya kifo. Ni zuri kwa mtu atakayeachana na kuoa tena akasahau kuandika. Lakini ni baya kwa mama ambaye ndoa yake ilifanywa katika familia tu na haikuandikwa kwenye eta-sivili: mahari ililipwa, wazee wanajua, lakini biro itamwomba cheti asichokuwa nacho. Jina peke yake linamlinda mama huyo, kwa sababu linamtambulisha hata bila cheti. Ila jina linabaki pale hata baada ya talaka, mpaka ulifute mwenyewe. Mimi ningeandika jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa, kama fundi alivyofanya, na ningekumbuka kwamba nyumba ikivunjika, barua nyingine inahitajika. Na ndoa ya familia iandikwe kwenye komine, ndivyo sheria inavyotaka.

Kwa watoto ni kinyume chake: jina peke yake ni mtego. Fundi akimwandika binti yake tu, na miaka miwili mbele akazaliwa mvulana, mvulana hana kitu katika ile sehemu ya 30. Kwa sababu ameongeza maneno «na watoto wangu wengine wote watakaozaliwa», zile dola 3,600 zitagawanyika zenyewe: 1,800 kwa dada, 1,800 kwa kaka, bila barua mpya. Hata hivyo ni vizuri kupeleka kopi ya cheti cha kila mtoto anapozaliwa, ili kompani ijue wa kumtafuta. Sheria yetu inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye eta-sivili bila kupitia tribinali. Wengi wanaziacha zipite kwa sababu baba yuko shantie, na karatasi inayokosekana siku ile ndiyo itakayokosekana siku ya kudai.

Kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisoma mbele ya bibi zao, lakini tuliseme. Maneno «watoto wangu» yanamhusu pia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye baba alimkubali kwa sheria. Haki yake ni sawa na ya wenzake. Ikiwa unaye, mwandike kwa jina pamoja na wengine. Ukimficha, atatokea siku ya msiba na mjomba wake, dosie itasimama, na wote watangoja, wa ndani na wa nje.

Mtoto chini ya miaka 18 hapokei pesa mkononi. Kompani itauliza ni nani mwenye mamlaka juu yake, na kwa kawaida ni mzazi aliyebaki. Itaomba karatasi za kulithibitisha hilo, na mara nyingine pesa zinawekwa benki mpaka mtoto afike umri. Ndiyo sababu fundi hakumpa mtoto zote. Alitaka bibi awe na kitu cha kushika mara moja, kwa kodi ya nyumba na chakula, na sehemu ya mtoto ingoje shule. Kila mtu anajua nyumba yake. Mwenye bibi aliye na kazi yake na biashara yake anaweza kugeuza hesabu hiyo.

Na wale maneno «amekufa kabla yangu, au pamoja nami»? Fikiria njia zetu. Bwana na bibi wanapanda gari moja kwenda Buta, au boti moja mtoni. Ikiwa ajali inawachukua wote wawili, na barua haina mpokeaji wa pili, sehemu ya bibi inakosa mwenyewe. Mstari mmoja unatosha kuipeleka kwa watoto.

Fundi aliandika kwa mkono wake, akatia sahihi ileile iliyo kwenye kontra. Asiyejua kuandika anaweza kuandikiwa, lakini aweke kidole chake mbele ya mashahidi wawili wasiotajwa katika barua, nao waandike majina yao. Mtu mwingine asitie sahihi kwa niaba yako, hata kaka yako wa damu, hata bibi yako. Barua ya namna hiyo ndiyo inayozaa kesi. Biro nyingi zinafanya kazi kwa Kifaransa. Kama hukimudu, mwombe delege au karani wa personeli aiandike kwa Kifaransa, kisha akusomee kwa Kiswahili neno kwa neno kabla hujatia mkono.

Hapo barua imekwisha kuandikwa, lakini bado haijafanya kazi. Fundi alifanya kopi mbili zenye sahihi ya wino. Siku ya mapumziko alizipeleka mwenyewe kwenye ajensi mjini, akaacha moja na kurudi na nyingine yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyepokea. Tarehe hiyo ina uzito. Katika kanuni za asiransi kompani ikimlipa mpokeaji wa zamani kwa nia njema, bila kujua kwamba kuna barua mpya, imemaliza deni lake. Huwezi kuirudia ikulipe mara ya pili. Itakubidi umdai yule aliyepokea, na pesa za msiba hazikai mfukoni. Kwa hiyo barua iliyolala kwenye sanduku, au kwa ajenti aliyesema «nitaifikisha», au iliyosemwa kwa telefoni, ni hatari karibu sawa na barua isiyoandikwa.

Tena ajensi ya Kisangani mara nyingi si mwisho wa safari. Dosie za kontra huwa Kinshasa, na kati yetu na Kinshasa kuna kilomita zaidi ya 1,700 za mto. Karatasi zinapotea, au zinalala. Kinachoonyesha kwamba mabadiliko yamefika ni ile nyongeza ya kontra, ambayo biro inaiita avena: ukurasa mmoja wenye namba ya kontra, mpokeaji mpya, tarehe na sahihi ya kompani. Ikiwa mwezi na nusu umepita bila avena, rudi na kopi yako yenye muhuri uulize. Usiogope kuonekana msumbufu.

Wengi wana asiransi ya namna nyingine, ile ya kundi, ambayo mwajiri anaifungua kwa wafanyakazi wake. Hapo mwenye kontra ni mwajiri, na wewe ni mtu aliyewekewa asiransi. Barua yako haiendi moja kwa moja kwa kompani. Unajaza fishi ya mpokeaji kwenye biro ya personeli, nao wanaipeleka. Maneno ya kuandika ni yaleyale, na kopi yenye muhuri ni ileile. Usifikiri kwamba kwa kuwa personeli wamemwandika bibi yako kwenye karatasi za hospitali, fishi ya asiransi nayo imebadilika. Mara nyingi ni dosie mbili katika kabati mbili. Kama umekopa benki na benki ilikuwekea asiransi ya maisha juu ya mkopo, hiyo inailipa benki deni lako. Na pesa za waliobaki kutoka kasa ya taifa, iliyoitwa Inese zamani na Seneseesi tangu mwaka 2018, zinagawanywa na sheria yenyewe. Barua yako haizigusi.

Limebaki jambo la mzee. Watu wengi hawabadili mpokeaji kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya uvivu. Wanaona kama wanamfukuza baba. Wengine wanaogopa kwamba kuandika juu ya kifo ni kukiita. Sheria haimlazimishi mtu kumwambia mpokeaji wa zamani, lakini katika familia zetu siri ya namna hii inalipuka matangani, na mjane ndiye anayeungua. Fundi wetu alivuka mto siku ya Jumapili, pamoja na bibi na mtoto, akamweleza baba yake.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: «Mwana wangu, kuna mtu amekuambia kwamba nitakula pesa za mjukuu wangu?»

«Hapana, Baba. Hakuna.»

«Basi kwa nini?»

«Kwa sababu, Baba, siku ile siyo wewe peke yako utakayekuwa kwenye kiti. Wajomba watakuwapo. Nimeona afadhali karatasi iseme, usije ukasumbuliwa wewe.»

Mzee akaomba asomewe barua. Aliposikia sehemu yake ya 10, alisema ni nyingi kwa mtu wa umri wake, lakini hakusema itolewe. Akataka kujua kama kopi moja inaweza kukaa kwake. Mwanawe akamwachia.

Kopi ya pili ilikaa kwa bibi, pamoja na namba ya kontra, kwa sababu asiyejua kwamba kontra ipo hawezi kuidai, na kompani haiwezi kujua yenyewe kwamba mtu amekufa huko Banalia. Ya tatu fundi aliiweka katika sanduku lake la shantie.

Avena ilifika wiki ya saba. Namba ya kontra ilikuwa sawa, sehemu zilikuwa sawa, na jina la mtoto pia. Bibi aliisoma mara mbili na kidole chini ya kila neno, akakuta katika jina lake la pili herufi moja imekosekana. Fundi alitaka kuiacha hivyo. Bibi akakataa, akaleta karta yake ya elektere na cheti cha ndoa, akaviweka mezani karibu na avena. Siku ya kazi iliyofuata waliirudisha ajensi, wakaomba nyingine, na safari hii pia walidai muhuri na tarehe.